Bweni Lililoitwa Ndoo Tatu

Matroni wa bweni la D hakuwa mtu wa kubembeleza. Alfajiri filimbi yake ililia mara moja tu. Ya pili hakuwa nayo. Asiyeamka alivutwa shuka, na shuka hiyo ikatundikwa juu ya mlango mpaka jioni ili dunia nzima ijue ni nani aliyeshindwa na usingizi. Alikuwa mfupi, amejaa, mkono mmoja daima kwenye funguo za kiunoni, na alitembea kama mtu aliyeambiwa kuna maziwa yanachemka jikoni. Sisi wasichana tulimwita Mama tukiwa mbele yake. Tukiwa peke yetu tulimwita Filimbi.

Mwaka wa kwanza nilimwogopa. Mwaka wa pili nilimzoea. Mwaka wa tatu nikaanza kumwigiza anavyotembea, wenzangu wanavunjika mbavu, na siku moja nikageuka nikamkuta amesimama nyuma yangu. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Unatembea vizuri kuliko mimi," akasema. "Kuanzia kesho wewe ndiye kiranja wa bweni. Tutaona kama na kazi unaiweza."

Hivyo ndivyo nilivyopata ukiranja, na sioni aibu kusema.

Mabweni yalikuwa manne, yamejipanga kwa safu kutoka ofisi za walimu hadi kwenye shimo la kuchomea taka. Sisi tulikuwa wa mwisho, karibu na shimo. Vitanda thelathini na viwili vya juu na chini, wasichana sitini na wanne, sakafu yenye ufa mrefu kutoka mlangoni hadi bafuni. Kwenye karatasi za shule tuliandikwa D. Midomoni mwa watu tuliitwa Dampo. Mwalimu wa Hesabu, mtu mwema tu asiye na neno na mtu, alikuwa anasema, "Wewe wa Dampo, njoo ubaoni," bila hata kujua kwamba ametukana. Siku ya wazazi kutembelea, nusu ya wasichana wetu waliwapokea wazazi wao mbele ya bweni la C, wakasimama pale kama wenyeji.

Mtu atasema jina ni maneno tu. Basi nimweleze jinsi lilivyokuwa linafanya kazi. Siku ya kufungua shule, waliowahi walipangwa A mpaka ijae, kisha B, kisha C. Waliochelewa, yaani wale ambao nyumbani kwao maandalizi yalisumbua, pamoja na waliorudia kidato, waliletwa D. Kwa hiyo kila mwaka D ilipokea watu waliofika wakiwa wamechoka na wamenyong'onyea, halafu ikawapa na jina la kuwathibitishia. Msichana akishaambiwa analala Dampo, hafagii chini ya kitanda. Kwa ajili ya nani? Bweni likiwa chafu, watu wanasema, si nilikwambia. Hapo jina limeshapata ushahidi wake, na mwaka unaofuata linakuja na nguvu zaidi.

Mkuu wa shule mpya alipokuja, mwanamke mrefu, mwepesi wa kuamua, aliona tatizo wiki ya kwanza. Hilo namsifu. Akaitisha kikao cha walimu, akasema mabweni hayawezi kuitwa kwa herufi kama makopo ya stoo. Yapewe majina ya maadili ili wasichana wayaishi. Ndani ya saa moja walikuwa wamemaliza. A ikawa Bidii, B ikawa Ukweli, C ikawa Hekima. Ilipofika zamu ya D, mtu mmoja akasema hawa tatizo lao ni usafi, basi waitwe Usafi, jina litawafundisha. Kikao kikakubali, chai ikaletwa. Matroni hakuwepo kwa sababu matroni si walimu na hawaitwi kwenye vikao.

Fundi rangi alikuja Alhamisi na kopo la rangi ya buluu. Alipomaliza herufi ya mwisho na kushuka ngazi, wasichana wa C waliokuwa wakianika nguo walianza kucheka, na kicheko kile kilitembea kutoka bweni hadi bweni mpaka kikafika jikoni. Dampo imeitwa Usafi! Hata sisi wenyewe tulicheka, maana ukicheka wa kwanza huumii sana. Matroni hakucheka. Alisimama chini ya ubao ule, mikono nyuma, akausoma kana kwamba ni barua ya kufukuzwa kazi.

Jumamosi kulikuwa na ukaguzi kama kawaida: alama tano za vitanda, tano za sakafu, tano za vyoo na bafu, tano za masanduku. Matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo: Hekima wa kwanza, Bidii wa pili, Ukweli wa tatu, Usafi wa nne. Watu walikuja kuusoma ubao ule mara mbili mbili kama hadithi. Baada ya hapo kila kosa letu lilikuwa na utamu. Msichana wa Bidii akisinzia darasani, amesinzia tu. Wa Usafi akidondosha ganda la ndizi, shule nzima inataka kumwonyesha rafiki yake.

Kulikuwa na daftari ofisini la maombi ya kuhama bweni. Kabla ya ubao wa Usafi, waliokuwa wameomba kutoka kwetu ni kumi na mmoja. Baada ya wiki tatu walifika ishirini na tatu. Mkuu akatuita, Matroni na mimi.

"Mama, mimi sipendi kuzunguka," akasema Mkuu, daftari likiwa wazi mezani. "Bweni ambalo theluthi moja ya watoto wanataka kulikimbia siwezi kuendelea nalo. Nakupa muhula ujao mmoja. Daftari hili lisipopungua, D naifanya stoo ya vitabu na madawati, na wasichana nawagawa kwenye mabweni mengine. Vitanda vitabanana, lakini watapona."

"Na mimi?" Matroni akauliza.

"Wewe tutakutafutia kazi jikoni."

Miaka ishirini na mmoja alikuwa amelala chumba kile kidogo cha mlangoni, anajua nani anatembea usingizini na nani analia akisikia radi. Nilidhani atafoka. Badala yake alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa.

"Sawa, Mkuu. Lakini na mimi niseme langu. Jina lile mmewavisha kama viatu vya baba kwa mtoto, halafu kila mtu anasubiri ajikwae. Maadili ni mazuri. Ila ukimpa mtu jina la kitu anachosemwa kwamba hana, umemtukana kwa herufi kubwa. Bidii hawakupewa kwa sababu ni wavivu, walipewa kwa sababu mnawasifu. Sisi ndio peke yetu tuliopewa dawa."

Mkuu alilifunga daftari. Nampenda mpaka leo kwa hilo, maana hakutafuta maneno ya kujitetea.

"Unataka nini?"

"Mawili. La kwanza, watoto wachague jina wenyewe. La pili, mwakani msinipe waliochelewa peke yao. Waliowahi na waliochelewa wote waokote kura, kila bweni lipate mchanganyiko. Mkinipa jina jipya na mgawo ule ule wa zamani, tutakuwa tumepaka rangi tu."

Mkuu akakubali yote mawili, ila jina akamkabidhi Mwalimu wa Historia alisimamie. Huyu alikuwa mwanamume mwembamba mwenye chaki kwenye mikono ya shati siku zote, hata Jumapili. Akaja bwenini Jumamosi mchana, akasimama mlangoni kwa heshima mpaka akaribishwe, akatueleza kwamba jina la shujaa lina masharti yake. Awe amekwisha kufariki, kwa sababu aliye hai bado anaweza kutuaibisha. Habari zake ziwe zimeandikwa mahali, si za kuokota. Ndugu zake wakubali. Asiwe wa kumfanya hata msichana mmoja humu ndani ajione mgeni, kwa dini yake, kwa kabila lake au kwa chama cha baba yake.

"Na zaidi ya yote," akasema, "msichana wa kidato cha kwanza aweze kuisimulia habari yake kwa dakika tatu bila karatasi. Jina lisilosimulika ni rangi ukutani."

Majina yalimiminika. Viongozi, wanariadha, mwimbaji mmoja aliyekuwa hai na mzima kabisa. Mmoja akamtaja Matroni mwenyewe, tukapiga makofi.

"Mimi bado nahema," Matroni akasema. "Anayefuata!"

Kila jina lilipotajwa aliuliza swali lile lile: "Huyo aliwahi kulala humu?" Tukachoka. Mashujaa wa vitabuni walikuwa wakubwa, lakini tayari walikuwa na barabara, viwanja na shule nyingine. Ungejivunia vipi mtu ambaye hata hajui kwamba mlango wa bafu letu la pili haufungi?

Ndipo msichana mmoja wa kidato cha kwanza, mwenye meno mawili ya mbele yaliyopishana, akanyoosha mkono. "Mama, kwanza kwa nini tunaitwa Dampo?"

Hakuna aliyejua. Wengine wakasema ni kwa sababu ya shimo la taka, wengine kwa sababu ya uchafu. Nikamgeukia Matroni nipate jibu, na nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliketi kitandani. Kitanda kilichotandikwa, kitanda cha mtu, kosa ambalo kwake lilikuwa na adhabu ya kuosha vyoo siku mbili. Akaketi pale, mikono juu ya magoti.

"Nitawajibu Jumamosi ijayo," akasema. "Sasa tokeni nje wote, mpigwe na jua."

Jumatatu alinichukua pamoja na Mwalimu wa Historia tukaenda stoo ya ofisi kutafuta kitabu cha matukio cha shule, lile daftari kubwa ambamo wakuu huandika mambo ya kila siku. Tulipiga chafya saa nzima. Matroni alijua mwaka na mwezi, na nilipomuuliza amejuaje, akasema, "Fungua kurasa, kiranja, acha kunihoji." Tukaupata ukurasa, miaka thelathini na sita nyuma. Mwalimu akausoma kwa sauti. Mvua kubwa, vyoo vimefurika, kipindupindu kimeingia shuleni. Wanafunzi wanarudishwa makwao. Wagonjwa kumi na tisa wamewekwa bweni la nne. Magodoro yao yanachomwa kwenye shimo jipya nyuma ya bweni. Siku tisa baadaye: wagonjwa wote kumi na tisa wanaendelea vizuri. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa akiwahudumia, amefariki. Hapo palikuwa na jina lake kamili, kwa wino uliofifia.

"Shimo lilibaki," Matroni akasema. "Waliporudi shule, hakuna aliyetaka kulala hapa. Wakasema hapa ndipo walipotupiwa wagonjwa, hapa ni dampo. Baada ya miaka mitatu hakuna aliyekumbuka wagonjwa. Dampo likabaki."

Mwalimu wa Historia alivua miwani yake akaifuta na shati, akaichafua zaidi kwa chaki. "Ulimjua?"

"Alilala kitanda cha juu, mimi cha chini."

Tukapata kumfahamu kwa maneno machache aliyoyatoa Matroni pale kati ya masanduku ya karatasi. Nesi alikuwa mmoja tu. Maji ya kisima yalikuwa mbali, nayo ilibidi yachemshwe, yapoe, yatiwe sukari na chumvi kwa kipimo, kisha kila mgonjwa anyweshwe kikombe kwa kikombe kutwa nzima, maana kipindupindu kinaua kwa kukausha mwili. Msichana yule alibeba maji hayo. Ndoo moja kichwani, na moja kila mkono. Nesi ndiye aliyemwita Ndoo Tatu, na wagonjwa wakadaka jina hilo.

"Ndoo tatu kwa mkupuo?" nikasema. "Kwa nini asibebe mbili akarudi?"

Matroni akafunga kitabu. "Twende, kengele ya chakula inakaribia."

Katika familia ya Ndoo Tatu alibaki ndugu mmoja, mdogo wake wa kike, sasa fundi cherehani mwenye kibanda chake nyuma ya soko. Tulimkuta ameinamia sare za shule fulani, pini mdomoni. Mwalimu alijieleza vizuri: bweni, jina, idhini ya familia. Fundi alisikiliza huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Kisha mguu ukasimama.

"Miaka yote hiyo hakuna aliyekuja," akasema. "Hata barua. Mama yangu alikufa akisubiri mtu wa shule aje amwambie ilikuwaje." Akamtazama Matroni. "Na wewe nakufahamu. Wewe ulikuja nyumbani likizo moja, mkalala chumba kimoja, mkacheka usiku kucha. Mama alikuwa anakuulizia wewe. Anasema, yule rafiki yake aje, yule atatuambia."

Niliona mkono wa Matroni ukitafuta funguo kiunoni, ukizishika.

"Nilishindwa kuja, dada," akasema. "Nilimkimbia. Gari la kutuchukua lilikuwa getini. Alinifuata na ndoo tatu, akaniambia, shika moja, nesi yuko peke yake, siku mbili tu wataleta watu. Nikamwambia mimi mama yangu ananisubiri. Nikapanda gari. Niligeuka mara moja nikamwona ameziinua zote."

Kwenye kibanda cha pili mtu alikuwa anagonga misumari, na alipoacha nilitamani aendelee.

"Kwa hiyo ile ya tatu ilikuwa yako," fundi akasema.

"Ilikuwa yangu. Nilimaliza shule, nikaolewa, nikafiwa, na kazi ya kwanza niliyoomba ilikuwa bweni lile. Nilidhani nikikaa pale nikafanya kazi sana, itatosha. Haijatosha."

Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Nilikuwa na hakika atatufukuza.

"Idhini natoa," akasema mwishowe. "Lakini msije mkamfanya malaika. Alikuwa mbishi, alikuwa anakoroma kama trekta, na sukari ya nyumbani aliimaliza kwa kulamba. Semeni na hayo. Na wewe, ukiwaambia watoto, waambie na ya getini. Ukisema nusu, mimi jina la dada yangu naja kulifuta mwenyewe kwa brashi."

Njiani kurudi, Mwalimu wa Historia alisema kwa upole kwamba ile sehemu ya getini si lazima. Sharti la kihistoria limetimia bila hiyo. Matroni alikuwa anatembea mbele yetu kwa mwendo wake wa maziwa yanachemka.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "watoto wale nawakagua chini ya kitanda kila Jumamosi. Na mimi wacha wanikague."

Jumamosi akasimama kati ya vitanda, wasichana sitini na wanne mbele yake, akawaambia yote. Kukoroma, sukari, kisima, vikombe, na geti. Hakulia. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kutangaza zamu za kudeki, na ndiyo maana sisi tulilia. Alipomaliza akasema, "Sasa mnajua mnalala wapi, na mnajua mnaamshwa na nani. Pigeni kura. Mkitaka jina jingine, au matroni mwingine, semeni sasa hivi."

Yule mwenye meno yaliyopishana akauliza, "Wale kumi na tisa walipona wote?"

"Wote. Mmoja wao ni yule nesi wa zahanati anayewachoma sindano."

"Basi hili si dampo," mtoto akasema, akiwa amekasirika kabisa, kana kwamba amegundua alikuwa akidanganywa. "Hapa ndipo watu walipopona."

Kura zilikuwa sitini na nne. Ndoo Tatu ilipata sitini na moja. Watatu walimpenda bado yule mwimbaji. Swali la kama tuandike jina lake kamili au lile la utani tulilimaliza kwa kuyaandika yote mawili: la utani nje, kwa herufi kubwa, na jina kamili ndani juu ya mlango, mahali unapoliona ukitoka. Fundi rangi alipokuja kufuta Usafi, Matroni alimshikia ngazi mwenyewe.

Nisidanganye kwamba ubao uliamka ukafagia. Wiki ya kwanza wa Hekima walituita Debe Tupu, na tulipata alama kumi na moja. Lililobadilika ni kwamba sasa mtu akitutania tulikuwa na la kumjibu, na jibu lenyewe lilichukua dakika tatu. Msichana wetu mmoja alimsimulia Mwalimu wa Hesabu ubaoni, chaki mkononi, na tangu siku hiyo neno Dampo halikutoka tena mdomoni mwake. Tuliweka ndoo tatu mlangoni. Mbili za wenye zamu ya kudeki. Ya tatu ilibebwa na yeyote ambaye si zamu yake, na hakuna aliyetajwa wala kupangwa. Ilikuwa ni lazima tu iondoke imejaa. Siku za mwanzo niliibeba mimi, na mimi tena, mpaka bega likaniuma. Wiki ya nne nikaikuta haipo, imeshapelekwa. Rangi yetu ikawa buluu ya ndoo zile. Fundi cherehani alitushonea vitambaa vya kufunga mkononi siku ya michezo, akaja kutuona tukishindwa mbio zote isipokuwa moja, ya kupokezana maji. Hiyo tuliichukua kwa mbali sana.

Ufa wa sakafu tuliuziba kwa saruji. Bafu la pili likafunga. Alama zikafika kumi na nne, kumi na sita, na Jumamosi moja kumi na tisa. Ile moja iliyokosekana ilikuwa soksi yangu, na Matroni aliitundika juu ya mlango bila kujali cheo changu.

Siku ya kufunga muhula Mkuu alikuja mwenyewe bwenini na lile daftari chini ya kwapa. Matroni alisimama wima mlangoni.

"Wa kutoka kwako ni wawili," Mkuu akasema. "Mmoja ana pumu na vumbi la shimo linamsumbua, huyo lazima nimhamishe, na shimo nalihamisha pia. Mwingine amefuta jina lake asubuhi hii, amechana mpaka karatasi. Sasa niambie, Mama, hawa wanne wa Bidii wanaotaka kuingia niwaweke wapi? Huna kitanda."

"Wangoje kura," Matroni akasema, "kama wenzao." Lakini alikuwa anahangaika na funguo zake, na aliponiona namwangalia akanituma nikahesabu magodoro.

Stoo ya vitabu ilijengwa kwingine. Mwaka uliofuata kura iliokotwa uwanjani, karatasi ndani ya ndoo ya buluu, waliowahi na waliochelewa kwenye mstari mmoja. Nilikuwa kidato cha mwisho. Msichana mmoja alifika saa tisa alasiri, wa mwisho kabisa, viatu vimejaa matope, akaokota kura yake akapata Ndoo Tatu, akaja mlangoni kwetu na uso wa mtu anayesubiri kuambiwa kwamba kuna makosa. Kazi ya kumpokea ilikuwa ya yule mwenye meno yaliyopishana, sasa wa kidato cha pili na amejaa maringo. Akampokea sanduku, akamsimamisha chini ya ubao, akaanza. Kisima, sukari, chumvi, kukoroma. Matroni alikuwa ametokea nyuma yao, amebeba ile ndoo ya tatu, imejaa, maji yanamdondokea miguuni, na wao hawakumwona.

"...na ile ya tatu," mtoto akamalizia, "ilikuwa ya rafiki yake, aliyemwachia getini akapanda gari. Huyo rafiki ndiye matroni wetu. Ndiye atakayekuamsha kesho."

Akageuka, akamwona, akafumba mdomo kwa kiganja. Mgeni naye akarudi nyuma hatua moja. Mimi nilikuwa nimesimama na funguo za makabati na sikujua niangalie wapi.

Matroni aliweka ndoo chini taratibu, bila kumwaga.

"Umetumia dakika nne," akasema. "Ile habari ya kukoroma umeirefusha mno. Anza tena, upunguze." Akamsogezea mgeni upande mmoja wa mpini wa ndoo, naye akashika upande wa pili. "Ila pale mwisho, pa getini, usipunguze hata neno."